Projekta kwanza, Keystone baadaye

Ndugu mwandishi, shukrani kwa makala, ila pale uliposema kwamba Keystone yatosha kuinyoosha picha ya projekta, naomba nikukhalifu kwa adabu. Projekta ikielekezwa juu, nuru ya ukingo wa juu husafiri masafa marefu zaidi, na kwa sababu hiyo picha hutanuka huko. Keystone haiondoi sababu hiyo, bali huifinya picha ndani ya mashine, nukta zikapotea na herufi ndogo zikafifia. Nanyi wasomaji wenzangu mnaobisha, zimeni taa mwonyeshe picha nyeusi: mtauona mng'ao wa kijivu wenye umbo lile lile la trapeza. Darasani kwetu tuliirudisha Keystone kwenye 0, tukaiinua projekta juu ya kabati, lenzi ikaukabili ukuta sawasawa, na tarakimu za jedwali zikasomeka hadi safu ya nyuma.