Kapsheni zako zinakimbia kuliko macho yetu

Wasee, wacha niseme kitu kitaumiza watu wa kuedit: mtu akitoka kwa video yako sekunde ya 11, si lazima stori iwe mbaya. Pengine alikuwa anasoma, ukamnyang'anya sentensi kabla afike mwisho.

Najua kwa sababu mimi mwenyewe nilifanya hivyo. Nilirekodi mama mmoja anauza mtumba Gikomba, mwanamke ana maneno matamu sana. Nikakata pozi zote, nikaongeza spidi, nikabandika kapsheni ya kila neno. Kwa YouTube Studio grafu ya watazamaji ikaanguka kama jiwe mahali mama anaeleza siku yake inaanza aje. Halafu kwa komenti watu wanauliza, "Kwani huamka saa ngapi?" Na alikuwa amesema! Iliandikwa hapo chini!

Kapsheni yenyewe ilikuwa hii: "Mimi huamka saa tisa usiku nakuja hapa sokoni kwa sababu ukichelewa unapata tu zile nguo zimebaki". Hesabu herufi, na nafasi pia. Ni 97. Mama aliyasema kwa sekunde 6, yaani kama herufi 16 kwa sekunde, hiyo ni sawa. Lakini baada ya mimi kukata pozi na kuongeza spidi, zilibaki sekunde 4. Gawanya 97 kwa 4, unapata zaidi ya 24. Netflix, na wako na watu wa kazi hii tu, kwa vipindi vya Kiingereza vya watu wazima kikomo chao ni 20. Watoto ni 17. Mimi nilikuwa nimewapita wote na hata sikujua kuna kitu kama hicho.

Na usihesabu maneno, buda, hesabu herufi. Kiswahili kinakudanganya hapo. "Hawakunielewa" ni neno moja, lakini ndani kuna sentensi nzima. Maneno matano kwa skrini yanaweza kuonekana machache na jicho bado linahangaika.

Sasa kuna mtu atasema basi tupunguze kila kitu. Hapana. Mwaka 2018 Agnieszka Szarkowska na Olivia Gerber-Morón walipima macho ya watu wakiangalia video zenye manukuu ya herufi 12, 16 na 20 kwa sekunde. Wengi walimudu hata zile za kasi, na zile za polepole ndizo zilifanya watu warudie kusoma kitu wameshamaliza, wakaboeka. Kwa hivyo polepole pia ni shida. Lakini kumbuka hao walikuwa wametulia mbele ya skrini, wanasoma lugha yao au Kiingereza. Mtazamaji wangu amesimama kwa mat, simu mkono mmoja, hana earphone, na shuleni alisoma karibu kila kitu kwa Kizungu. Sheng anaongea siku nzima, ila kuisoma ni mambo mengine. Mimi kwa watu kama hao najaribu kukaa kati ya 13 na 17. Hiyo ni maoni yangu, si sheria.

Nilirudi kwa ile kapsheni nikaandika: "Huamka saa tisa usiku. Ukichelewa, unapata mabaki tu". Herufi 52 kwa sekunde zile zile 4, ni 13. Sehemu ya pili ya mahojiano nikaiedit hivyo, na ile grafu haikuanguka tena mahali pa maelezo. Siwezi apa ni kapsheni peke yake, pengine stori ya pili ilikuwa moto zaidi. Lakini maswali ya vitu ameshasema yaliisha.

Huna haja ya kupiga hesabu kwa mkono. Subtitle Edit ni ya bure, inakuonyesha namba kwa kila mstari na inaweka nyekundu ukipitisha. Ama zima sauti, punguza mwanga wa simu, angalia mara moja tu. Kama wewe uliyeandika hujamaliza mstari kabla upotee, mgeni atamaliza aje?

Kitu moja bado inanisumbua. "Mabaki" si neno la mama. Yeye alisema "zile nguo zimebaki", na alivyolivuta hilo "zile" ndiyo ilikuwa utamu wote. Nikifupisha, nasomeka, lakini nimemwekea maneno mdomoni. Kwa hivyo sai mistari ya kawaida naifupisha, na ile ambayo mtu anajitokeza kabisa siigusi, naipa muda: narudisha pozi, naacha spidi ya 1x, kapsheni inabaki hata akinyamaza kucheka. Video imekuwa ndefu kwa sekunde 9. Mama aliiona akasema sasa hiyo ndiyo yeye.