Goti likiacha kuuma, bado halijapona

Kuna wakati katika jeraha hili ambao wazazi wengi huukosea, nao si ule wa siku mtoto anapoumia. Ni mwezi wa nne au wa tano baada ya upasuaji. Uvimbe umeisha, kijana anatembea vizuri, anapanda ngazi bila kushika ukuta, na kocha ameanza kupiga simu kwamba mashindano ya shule yamekaribia. Mtoto mwenyewe anakwambia, "Mama, mbona niko fiti?" Hasemi uongo. Goti lake linajisikia fiti kweli. Lakini kilichomo ndani hakijawa tayari, na leo nataka nieleze kwa nini.

Tunazungumzia kano ya mbele ya goti. Madaktari huiita kano ya msalaba kwa sababu inapishana na mwenzake wa nyuma, kama vijiti viwili vilivyowekwa msalaba. Kwenye ripoti ya kipimo utaona herufi ACL. Ni kamba fupi na ngumu, unene wake unakaribia wa kidole kidogo, imetoka kwenye mfupa wa paja ikashikilia mfupa wa muundi. Kazi yake ni kuzuia muundi usiteleze kwenda mbele na goti lisijizungushe kupita kiasi. Ukitembea barabara iliyonyooka huihitaji sana. Ukikimbia kwa kasi kisha ukageuka ghafla, hapo ndipo unaihitaji.

Wengi tunadhani kano hii hukatika mchezaji anapochezewa rafu. Hutokea hivyo pia. Virgil van Dijk wa Liverpool aliumia Oktoba 17, 2020 baada ya kugongana na kipa wa Everton, Jordan Pickford. Hata hivyo, mara nyingi kwenye soka hakuna anayemgusa mchezaji. Anakimbia kumkaba mwenzake, anafunga breki, mguu mmoja umekita chini, mwili unageuka huku unyayo umebaki palepale, goti linaingia ndani kuelekea goti la pili. Au ameruka kupiga kichwa akatua na mguu mmoja, goti likiwa limenyooka. Kano inakatika kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Misuli haina nafasi ya kuwahi.

Wengi husema walisikia kitu "kimelia" ndani ya goti. Ndani ya saa chache goti linavimba kama limejazwa maji, ila mara nyingi ni damu. Kwa wenye mabinti wanaocheza, mjue kwamba wasichana hukatika kano hii zaidi ya wavulana, angalau mara mbili kwa kiwango kilekile cha kucheza. Sababu zinazotajwa ni nyingi, lakini namna ya kutua na nguvu ya misuli ya paja na nyonga ndizo tunazoweza kuzifanyia kazi.

Kosa la kwanza hutokea nyumbani. Kijana anapelekwa kupiga eksirei, majibu yanasema mfupa hauna tatizo, familia inashusha pumzi. Lakini eksirei inaonyesha mifupa, kano haionekani pale. Baada ya wiki mbili au tatu uvimbe unashuka, pengine kwa msaada wa barafu, pengine kwa kuchuliwa na fundi wa mtaani, na kijana anarudi uwanjani. Siku ya kwanza anakimbia mbele vizuri. Anapogeuka, goti "linamwacha", yaani linachomoka kama bawaba iliyolegea. Kila linapomwacha hivyo, gegedu laini lililo katikati ya mifupa linasagwa na kuchanika. Jeraha moja linakuwa mawili, na hilo la pili ndilo linaloweza kumletea maumivu ya goti akiwa bado mtu mzima kijana.

Daktari wa mifupa aliyezoea magoti anaweza kugundua kwa mikono yake. Anakunja goti kidogo, anashika paja kwa mkono mmoja na muundi kwa mwingine, anavuta muundi mbele taratibu na kulinganisha na mguu mzima. Kamba ikiwepo, unavutika kidogo kisha unakwama ghafla. Ikiwa imekatika, hakuna kukwama. Kipimo cha MRI huthibitisha na kuonyesha kama gegedu nalo limeumia.

Kwa nini kano hii isiachwe iunge yenyewe kama mfupa? Mfupa ukivunjika, damu huganda pale palipovunjika na kuwa kama daraja la kuanzia uponaji. Kano hii iko ndani ya majimaji ya goti, na majimaji hayo huosha damu kabla haijaganda. Kwa hiyo mara nyingi ncha mbili hubaki mbalimbali. Si kila mtu lazima apasuliwe. Mtu asiyecheza michezo ya kugeuka ghafla anaweza kuishi vizuri kwa mazoezi tiba peke yake. Kijana anayetaka kurudi kwenye soka ndiye ambaye kwa kawaida huelekezwa kwenye upasuaji.

Na haufanywi kesho yake. Madaktari husubiri uvimbe upungue na goti liweze kunyooka kabisa, jambo linaloweza kuchukua wiki kadhaa, kwa sababu goti linalopasuliwa likiwa limevimba na kukakamaa hukakamaa zaidi baadaye. Hapa kwetu upasuaji huu unafanyika, ikiwemo katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, kwa kutumia kamera nyembamba inayoingizwa kupitia tundu dogo.

Kano iliyokatika haishonwi kwa kawaida. Inatengenezwa mpya. Daktari anachukua kano kutoka sehemu nyingine ya mguu wa mgonjwa mwenyewe, mara nyingi zile nyembamba za misuli ya nyuma ya paja, anazikunja pamoja ziwe nene. Wengine huchukua kipande cha kano iliyo chini ya kifupa cha mbele ya goti, pamoja na vipande vidogo vya mfupa kwenye ncha zake. Kisha anatoboa tundu kwenye muundi na jingine kwenye mfupa wa paja, pale kano ya zamani ilipokuwa imeshikilia, anapitisha kano mpya na kuibana kwa skrubu au kifungo kidogo cha chuma.

Mzazi wa mtoto ambaye bado anarefuka aulize swali moja kabla ya kusaini karatasi: mtaitoboaje mifupa yake? Karibu na goti kuna sehemu za mfupa zinazokua, na tundu likipita vibaya mguu unaweza kukua ukiwa umepinda au mfupi kuliko mwenzake. Kuna njia za kuzikwepa sehemu hizo, ila lazima daktari awe amezipangilia.

Sasa turudi kwa yule kijana wa mwezi wa nne. Siku ya upasuaji ile kano mpya ni kipande cha nyama kilichohamishwa, kimekatwa kutoka kwenye mishipa yake ya damu. Mwilini mwake kipande hicho kwanza kinakufa kwa sehemu kubwa. Kinabaki kama fremu. Kisha mishipa midogo ya damu huanza kuingia, chembe hai mpya zinahamia na kuanza kubomoa nyuzi za zamani huku zikijenga mpya. Katika kubomoa huko, kano inakuwa dhaifu kuliko ilivyokuwa siku ilipowekwa. Hiyo ni miezi ya mwanzo, wakati uleule ambao kidonda cha nje kimeshapona na maumivu yameondoka. Ujenzi huendelea mwaka mzima na zaidi. Ndani ya kano hakuna kengele inayomwambia kijana kwamba bado.

Kwa hiyo ratiba huendeshwa kwa hatua. Wiki mbili za kwanza kazi kubwa ni mbili tu: goti linyooke kabisa, na msuli wa mbele ya paja uamke, kwa sababu baada ya upasuaji msuli huo hugoma kama umelala. Ukiona mtoto anaweka mto chini ya goti ili lipumzike likiwa limekunjwa, uondoe mto huo, weka chini ya kisigino. Kufikia wiki ya nne hadi ya sita wengi huacha magongo. Kukimbia mbele kwa taratibu huanza karibu mwezi wa tatu au wa nne. Kuruka na kugeuka huja baadaye, mwezi wa sita hivi, na mpira wa kugombania huja mwisho. Goti likivimba jioni baada ya zoezi jipya, maana yake zoezi lilizidi, mnarudi hatua moja nyuma.

Utafiti uliofuatilia wachezaji, uliochapishwa 2016, ulionyesha kwamba kila mwezi mmoja wa kuchelewa kurudi, hadi kufikia mwezi wa tisa, ulipunguza kuumia tena kwa karibu nusu. Baada ya mwezi wa tisa kuchelewa zaidi hakukuongeza faida hiyo.

Hata wachezaji wenye kila aina ya mtaalamu hawasameheki. Giuseppe Rossi, mshambuliaji wa Italia aliyekuwa Villarreal, alikatika kano hii ya goti la kulia Oktoba 26, 2011 dhidi ya Real Madrid. Aprili 2012, miezi sita haijatimia, ikakatika tena mazoezini, akaikosa Euro ya mwaka huo. Siwezi kusema haraka ndiyo iliyomponza peke yake. Ninachosema ni kwamba kano yake ilikuwa na umri wa miezi isiyofika sita. Van Dijk, kwa upande mwingine, hakucheza mechi ya ushindani hadi Agosti 2021, karibu miezi kumi.

Miezi tisa nayo ni nusu tu ya jibu. Kijana aliyekaa miezi tisa akiangalia simu hana tofauti kubwa na aliyekaa minne. Mtaalamu wa mazoezi tiba humpima: nguvu ya paja la mguu uliopasuliwa ifike walau asilimia 90 ya mguu mzima, na aruke kwa mguu mmoja umbali unaokaribiana pande zote mbili. Wamwangalie pia anavyotua. Goti likiendelea kuingia ndani kama siku ile alipoumia, umbali wa kuruka haujalishi.

Kama hakuna mashine ya kupima karibu na kwenu, kuna jambo unaloweza kuangalia sebuleni. Mwambie akae kwenye kiti kisha asimame kwa mguu mmoja, mara kumi kila upande, bila kusukuma kwa mikono. Kupita hapo hakumpi ruhusa ya kucheza. Lakini akishindwa mara ya tatu upande uliopasuliwa huku mwingine akimaliza zote, mpigie kocha umwambie asimpange.