TAHARIRI: Majina matatu, dawa moja

Chukua mfano wa mfanyabiashara anayetoka Tunduma, anapita Zambia na kuelekea Kasumbalesa. Mafua yamemkamata njiani. Asubuhi, mchana na usiku anameza Panadol mbili mbili. Kila kidonge kina miligramu 500 za parasetamoli, kwa hiyo kwa siku ni miligramu 3,000. Hapo hajakosea.

Ng'ambo ya mpaka anauziwa vidonge vya mafua vya rangi, naye anameza viwili mara tatu kama alivyoelekezwa. Vingi vya aina hiyo vina parasetamoli ile ile, mara nyingi miligramu 500 kila kimoja. Sasa amefika 6,000. Usiku anakoroga pakiti ya unga wa mafua katika maji ya moto. Ikiwa na 1,000, jumla ni 7,000. Kiwango cha juu kwa mtu mzima ni miligramu 4,000 ndani ya saa 24, yaani vidonge vinane. Amekipita mbali, ilhali kila dawa ameitumia kama maelezo yake yanavyosema.

Ini hugeuza sehemu ndogo ya parasetamoli kuwa sumu, kisha huizima kwa akiba yake. Dozi ikizidi, akiba huisha na sumu huanza kuua ini lenyewe. Anayekunywa pombe sana, aliyekaa siku kadhaa bila chakula cha maana kwenye foleni ya malori, au mwenye uzito chini ya kilo 50, anaweza kudhurika hata kwa kiasi kidogo zaidi. Huyo aulize kiwango chake kabla ya kumeza.

Linalodanganya ni ukimya wa siku ya kwanza. Mtu huweza kusikia kichefuchefu tu, au asisikie chochote. Maumivu ya upande wa kulia chini ya mbavu na macho ya manjano huja baadaye, mara nyingi siku ya pili au ya tatu, ini likiwa limeshaumia. Dawa ya kuzuia madhara, asetilisisteini, hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa nane. Kwa hiyo aliyezidisha aende hospitali akiwa bado anajiona mzima, na abebe maboksi yote aliyotumia.

Kwa bahati nzuri, neno la kutafuta kwenye boksi ni karibu lile lile kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno; tahajia tu ndiyo hutofautiana kidogo. Bidhaa za Marekani huiita asetaminofeni. Usisome jina kubwa la mbele, geuza boksi usome viambato. Neno hilo likiwa kwenye maboksi mawili, tumia moja.

Wenye maduka ya dawa mipakani nao wana sehemu yao. Kabla ya kupokea kwacha au shilingi, wamuulize msafiri: tangu jana umeshameza nini?