Beti ya Bingwa: Wanunua Njia, Si Timu

Wazee, leo nitawakasirisha baadhi yenu. Sawa tu.

Kuna maneno nayasikia kila mashindano yakifika robo fainali, kuanzia maskani za Malindi mpaka Kilifi na Mtwapa: "Timu nzuri haichagui mpinzani. Bingwa ni bingwa." Halafu anayesema hivyo atoa soo tano ya mafuta ya pikipiki, aweka beti ya bingwa kwa sababu timu yake imeongoza kundi. Mimi nasema hayo maneno ni uongo mtamu, na kampuni za beti zala vizuri sana kupitia huo uongo.

Ukweli ni huu. Ukiweka beti kwamba timu fulani itabeba kombe, huibetii timu peke yake. Wabeti timu pamoja na njia yake yote: nani atakutana naye kesho, wapi, na nani yuko upande wa pili wa ratiba. Ukibadilisha njia, umebadilisha thamani ya tiketi, hata kama hakuna mchezaji hata mmoja aliyebadilika.

Twende kwa mfano tunaoujua sote, CHAN ya Agosti 2025. Kenya ilikuwa kundi moja na Moroko, Kongo, Angola na Zambia. Tuliifunga Kongo 1-0, tukatoka sare ya 1-1 na Angola, tukaifunga Moroko 1-0. Siku ya mwisho ya kundi, tarehe 17, tulikuwa na pointi 7 na Moroko 6. Tukaichapa Zambia 1-0 kwa bao la Ryan Ogam, tukamaliza na pointi 10. Moroko nayo ilishinda mechi yake, ikafika 9.

Sasa tulia hapo kidogo. Lile bao la Ogam lisingeingia, tungetoka sare, tungekuwa na 8, na Moroko ingeongoza. Bado tungefuzu. Wengi wangesema "hakuna shida, tumepita." Lakini wa kwanza alibaki Nairobi kucheza na Madagaska, halafu nusu fainali dhidi ya Sudani au Aljeria. Wa pili alipelekwa Dar es Salaam kucheza na Tanzania mbele ya watu wao, halafu akutane na Senegali au Uganda. Bao moja, timu ile ile, njia mbili tofauti kabisa.

Tuweke namba. Hizi ni makadirio yangu, wewe weka zako, lakini mpango wa hesabu haubadiliki. Mechi ya Madagaska: tuseme Kenya ina asilimia 45 ya kushinda ndani ya dakika 90, asilimia 30 ya sare, na 25 ya kufungwa. Kwenye mtoano sare haikai sare, itaamuliwa kwa muda wa ziada au penalti, na huko mambo yanakaribia kurusha shilingi. Kwa hivyo chukua nusu ya ile 30, ongeza kwa 45, upate asilimia 60 ya kupita. Nusu fainali tuipe 50. Hiyo ni wastani, maana hujui bado ni Sudani au Aljeria. Fainali tuipe 45, maana upande wa pili wako Moroko, Senegali, Tanzania na Uganda.

Watu wengi wanakosea hapa. Wanaangalia 60, 50 na 45, akili inawaambia "kama nusu nusu hivi." La. Lazima ushinde zote tatu, kwa hivyo unazidisha: 0.60 × 0.50 × 0.45. Jibu ni 0.135, yaani asilimia 13.5. Timu iliyoongoza kundi, ikiwa nyumbani, na bado mara 86 kati ya 100 haibebi kombe.

Sasa ipitishe Kenya hiyo hiyo njia ya wa pili. Tanzania kwao Dar, asilimia 40. Nusu fainali dhidi ya Senegali au Uganda, 45. Fainali naipa 55, kwa sababu upande ule mwingine ulikuwa mwepesi zaidi. Ona nimekuwa muungwana, nimekurudishia kitu mwishoni. Zidisha: 0.40 × 0.45 × 0.55, unapata karibu asilimia 9.9. Zaidi ya robo ya nafasi yako imeyeyuka, na hakuna mtu aliyeumia mguu.

Ndiyo maana odi za bingwa husogea hata siku ambayo timu yako haijacheza. Mpinzani mgumu akitolewa upande wako, timu yako imepata thamani ikiwa imelala hotelini.

Msiniambie ni mambo ya CHAN tu. Euro ya 2016, Ureno ya Ronaldo ilitoka sare mechi zote tatu za kundi. Tarehe 22 Juni, Ureno ikiwa 3-3 na Hungari, Aislandi ikaifunga Austria dakika ya 94. Bao hilo liliisukuma Ureno kutoka nafasi ya pili hadi ya tatu. Aibu, sivyo? Lakini wa pili alikwenda kukutana na Uingereza, upande wenye Ufaransa, Ujerumani, Italia na Hispania. Wa tatu alipelekwa upande wa Kroatia, Polandi na Wales. Ureno ikapita huko, ikaifunga Ufaransa fainali, ikabeba kombe. Katika mechi saba ilishinda moja tu ndani ya dakika 90, ile ya Wales. Sisemi Ureno ilikuwa mbovu. Nasema mtu aliyeshikilia tiketi ya Ureno alisaidiwa na bao la Aislandi, na labda hata hakulitazama.

Sasa turudi kwa mfuko wako. Tuseme kampuni inakupa Kenya bingwa kwa odi 4.50. Inaonekana tamu, soo moja inarudi 450. Lakini kama nafasi ya kweli ni asilimia 13.5, odi ya haki ni karibu 7.40 (gawanya 100 kwa 13.5). Fikiria tiketi kama hizo 200, kila moja soo. Umetoa 20,000. Kwa wastani zitashinda 27, zinakurudishia 12,150. Zingine 7,850 zimekwenda, na hakuna mtu aliyekuibia. Umenunua tu kitu cha bei ndogo kwa bei kubwa.

Kwa nini bei inakuwa mbaya hivyo? Kwanza, timu ya nyumbani inabetiwa kwa mapenzi, na kampuni inajua. Pili, fanya jaribio hili mwenyewe. Chukua odi za bingwa za timu zote nane za robo fainali. Kwa kila moja gawanya 100 kwa odi, kisha jumlisha majibu yote. Ingekuwa haki tupu, jumla ingekuwa 100. Ukipata 125, kwa mfano, maana yake ukitaka kununua timu zote ili urudishiwe 100 kwa uhakika, utalipa 125. Ile 25 ni ya mwenye duka. Jumla ikizidi kupanda, funga simu.

Jaribio la pili. Badala ya tiketi ya bingwa, fikiria ungebeti Kenya kupita kila mechi, ukihamisha pesa yote mbele. Tuseme odi za kupita ni 1.55, kisha 1.85, kisha 2.05. Zidisha, unapata karibu 5.88. Safari ile ile, mechi zile zile, lakini inalipa 5.88 badala ya 4.50. Na ukifika nusu fainali ukaona mchezaji muhimu ana kadi, unaweza kusimama na pesa yako. Tiketi ya bingwa imekufunga tangu siku ya kwanza. Lakini hebu soma tena: 5.88 bado iko chini ya 7.40. Kwa namba zangu, njia zote mbili ni hasara, moja tu ni hasara ndogo.

Na ukifanya hivyo hakikisha ni beti ya kupita, si ya kushinda dakika 90. Ile robo fainali ya Kasarani tarehe 22 iliisha 1-1, Madagaska ikapita kwa penalti 4-3. Aliyebeti Madagaska kushinda dakika 90 alipoteza, ingawa Madagaska ndiyo iliyokwenda mbele. Kisha ikaitoa Sudani na kufika fainali.

Najua jibu lenu: "Moroko je? Ilimaliza ya pili, ikapita njia ngumu, ikabeba." Kweli. Iliifunga Tanzania 1-0 Dar, ikaitoa Senegali kwa penalti, ikaifunga Madagaska 3-2 fainali. Lakini jambo likitokea haimaanishi lilikuwa jepesi. Penalti za Senegali zingeingia zote, leo huenda tungekuwa tunasimulia kisa kingine. Aliyenunua Moroko aliuziwa njia yenye mawe, na swali pekee la maana ni kama odi ilimlipa kwa hayo mawe.

Hesabu hii ina udhaifu wake pia, sitauficha. Ile 60 na 50 ni makadirio, na makosa nayo yanazidishana. Ukiipendelea timu yako kwa asilimia tano tu kila mechi, ukaandika 65, 55 na 50, ile 13.5 inageuka karibu 18. Mapenzi kidogo mara tatu yanakuwa mapenzi mengi. Kwa hivyo ukijikuta kila timu unayoishabikia "ina thamani", tatizo si odi.

Mimi niliacha chuo, sina shahada ya hesabu. Hii ni kuzidisha namba tatu tu, na simu yako ina kalkuleta. Anayekuuzia "bingwa wa uhakika" kwenye grupu, muulize maswali mawili: njia yake ni ipi, na jumla ya odi zote ni ngapi? Akikujibu "timu nzuri haichagui mpinzani," basi wewe chagua kubaki na soo zako.

Haya, mnaopinga karibuni. Lakini njooni na namba, si na jezi.