Kontua ya mwisho na hukumu ya kuonana

Kuchora mkato, yaani umbo la ardhi likitazamwa kwa ubavu, hakutoshi, kwa kuwa hukumu ya kuonana kwa vilele viwili hutegemea kilima kilicho kati yao. Ikiwa vilele viwili vina mita 1,640 na 1,520, mstari wa macho unaoviunganisha hushuka hadi mita 1,550 katika robo tatu ya njia kutoka kilele kirefu zaidi. Kilima kilichopo hapo, ambacho kontua yake ya juu kabisa ni 1,540, huonekana kuwa chini ya mstari huo, lakini, kwa kuwa kontua hupishana kwa mita 20, ncha yake yaweza kukaribia 1,560 na kuziba, hata kabla ya kuhesabu miti. Mchoraji anayekisawazisha kilima hicho kwenye 1,540 hujidanganya, kwa maana pasipo nukta ya kimo kileleni ramani haitoi jibu.