Pochi Imejaa, na Kampuni Imekaa Kimya

Kampuni za simu zinajua kila kitu kuhusu pochi yako ya fedha. Zinajua ulinunua umeme wa shilingi ngapi jana usiku, na zinajua una mkopo gani unaoweza kukatwa pindi hela ikiingia. Zinakutumia ujumbe asubuhi, mchana na jioni kukusihi ukope, ucheze, ununue bando. Ila kuna ujumbe mmoja ambao haufiki kamwe: ule wa kukuambia kwamba pochi yako inakaribia kujaa, na kwamba hela itakayokuja kesho itakataliwa. Ukimya huo unaumiza watu, na unawapa matapeli kazi.

Chukua mfano wa mweka hazina wa kamati ya harusi pale Tabata, mwaka 2022. Ni siku ya mwisho ya michango, tena mwisho wa mwezi. Asubuhi simu yake ina milioni 9. Analipa ukumbi na mpishi, jumla milioni 5, anabaki na 4. Mchana mishahara inatoka, michango inamiminika, na ikifika jioni salio linasoma 9,850,000. Mjomba wa bwana harusi anatuma laki mbili. Zinakataa. Anarudia, zinakataa tena. Shangazi naye anatuma laki moja, inaingia bila tatizo. Hapo ndipo maneno yanapoanza kwenye kundi la kamati: mbona ya shangazi imeingia na ya mjomba imekataa? Dada, simu yako ina nini?

Simu haina kitu. Kanuni za Fedha za Kielektroniki za mwaka 2015 ziligawa pochi kwa madaraja, na kila daraja likapewa kikomo cha muamala na kikomo cha salio. Mei 2020, wakati wa korona, Benki Kuu ya Tanzania ilipandisha kikomo cha salio kutoka milioni 5 hadi milioni 10, na cha miamala kwa siku kutoka milioni 3 hadi milioni 5. Kabla mfumo haujapokea hela, unajumlisha salio lililopo na hela inayokuja. 9,850,000 ukiongeza 200,000 ni 10,050,000, kwa hiyo haipiti. Laki moja inapita kwa sababu jumla ni 9,950,000. Baada ya hapo hata elfu sitini haiingii.

Dalili hiyo ishike, maana itakuokoa siku yako. Kiasi kidogo kikiingia na kikubwa kikakataa, kwanza shuku kikomo. Kila kitu kikikataa, hata elfu moja, huenda pochi imejaa kabisa, au laini imefungiwa, au usajili wake una kasoro. Na mtumaji aliye mtandao uleule kwa kawaida hela yake haitoki kabisa, lakini anayetuma kutoka benki au mtandao mwingine anaweza kukatwa kwanza, kisha akasubiri irudi.

Turudi kwa mweka hazina. Angeweza kuhamishia hela benki ili apate nafasi? Hapana, kwa sababu milioni 5 alizolipa asubuhi zimemaliza kikomo chake cha siku. Haiingii, haitoki. Akafanya ambacho wewe na mimi tungefanya. Akaandika kwenye kundi: "Jamani, namba yangu imegoma, ile hela tumeni kwenye namba hii ya mdogo wangu."

Soma sentensi hiyo tena. Ni Mtanzania gani hajawahi kupokea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii"? Tumefundishwa miaka yote kwamba huo ni wizi. Wanakamati wakafanya walivyofundishwa: hawakutuma. Wengine wakampigia bibi harusi kumuuliza kama mweka hazina ameibiwa simu, na mmoja akaanza kuulizia hesabu ya hela zilizokwisha kuingia. Mwanamke mwaminifu alilala akiwa mtuhumiwa, kwa sababu kampuni iliyoona salio lake likipanda siku nzima haikuona haja ya kumwambia neno.

Sipingani na kikomo. Nchi ina sheria ya kudhibiti utakasishaji wa fedha haramu tangu 2006, na ni haki kabisa kwamba anayebeba fedha nyingi ajulikane zaidi. Ninachopinga ni kikomo kufanywa siri, na kupanda daraja kufanywa safari ya kuzunguka madirishani.

Kupandishwa daraja kwa mtu binafsi ni kuhakiki kwamba wewe ndiye wewe. Unakwenda duka la huduma la mtandao wako, unatoa namba ya NIDA, unaweka kidole, mfumo unalinganisha alama na majina yaliyo kwenye hifadhi ya NIDA, na vikilingana pochi inapandishwa. Kinachokwamisha mara nyingi ni kitu kimoja: laini haikusajiliwa kwa kidole chako. Wengi walikuwa hawajapata namba ya NIDA wakati laini zisizo na alama za vidole zilipoanza kuzimwa Januari 2020, wakasajiliwa na kaka, na jirani, na hata wakala. Kidole chako hakiwezi kuhakiki jina la mtu mwingine. Piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa NIDA yako. Kama unayotumia haimo, tatua umiliki kwanza, tena ukiwa na huyo aliyekusajilia, kabla hujaomba kingine chochote. Na mafundi ujenzi na wakulima ambao vidole vimelika kwa saruji na jembe wanaambiwa warudi kesho, halafu kesho tena. Hilo nalo ni la kampuni kulitafutia njia, maana kazi ndiyo iliyowala vidole.

Ukishafika kikomo cha juu cha mtu binafsi, kidole hakisaidii tena. Ngazi inayofuata ni ya biashara, na huko unaulizwa namba ya mlipakodi na leseni ya biashara, na kampuni huulizwa cheti cha BRELA. Mfanyabiashara wa mchele ataweza na anapaswa kwenda, apate lipa namba yake. Kamati ya harusi haina leseni. Kamati ya msiba ndiyo kabisa. Hao inabidi wafungue akaunti ya kikundi mapema au wawe wanapeleka hela benki kila jioni. Nani amewahi kuwaambia?

Benki Kuu inao uwezo wa kuliagiza hili. Pochi ikifika asilimia 80 ya kikomo, mwenye nayo apate ujumbe. Hela ikikataliwa, mtumaji na mpokeaji waelezwe sababu kwa Kiswahili kinachoeleweka, na daraja la pochi lionekane kwenye menyu palepale penye salio. Mfumo unaoweza kukagua kikomo kwa sekunde moja unaweza pia kukitangaza.

Nawe uliyepewa uweka hazina wiki hii, uliza kikomo chako leo. Ipe kamati namba ya pili mapema, itangazwe kikaoni mbele ya wote, hela zikiwa bado hazijaanza kuingia. Na anayekupigia kusema pochi yako imejaa na anataka namba ya siri akuhakiki, kata simu. Hakuna uhakiki unaohitaji namba ya siri.