Stima, jua au dizeli? Hesabu inayomponza mfanyabiashara mdogo Nakuru

WAKAZI wa Nakuru wanaishi jirani na mvuke. Olkaria, kule Naivasha, umezalisha umeme tangu 1981, na kreta ya Menengai inayouchungulia mji wao nayo ina visima vya mvuke. Hata hivyo, ujirani huo haumpunguzii mwenye duka la maziwa hata senti moja, kwani bei ya stima ni ile ile inayotozwa kwingineko nchini. Ndiposa wengi wameanza kuulizia vibao vya sola na jenereta. Tatizo ni kwamba bei wanazotajiwa hazilinganishwi kwa kipimo kimoja.

Kipimo hicho ni kilowati-saa, ambayo wengi huiita yuniti. Tuchukue mfano wa duka la maziwa lenye mtambo wa kupoza unaovuta kilowati 1.2 unapofanya kazi, na linalotumia yuniti 450 kwa mwezi.

Kwa stima ya Kenya Power, kosa la kawaida ni kutazama bei ya msingi pekee. Juu yake huongezwa ada ya mafuta na ya ubadilishanaji wa fedha za kigeni, ambazo hubadilika kila mwezi, pamoja na ushuru wa VAT wa asilimia 16. Njia ya hakika ni kujumlisha pesa zote zilizolipwa mwezi huo, kisha kugawanya kwa yuniti zilizopatikana. Tukichukulia kwamba mwenye duka alilipa Sh13,500, basi yuniti moja ilimgharimu Sh30.

Jenereta ndiyo inayowahadaa wengi. Tuseme amenunua ya dizeli ya KVA 5 kwa Sh120,000. Ili kujua inakunywa kiasi gani, ajaze tangi hadi pomoni, aiwashe kwa saa mbili huku mtambo wa kupoza ukiendelea kufanya kazi, kisha aijaze tena kwa chombo chenye vipimo. Mashine kama hiyo, ikibebeshwa kilowati 1.2 tu, yaweza kunywa lita 0.8 kwa saa. Dizeli ikiwa Sh170 kwa lita, hizo ni Sh136 kwa saa, yaani Sh113 kwa kila yuniti. Ikibebeshwa kilowati tatu, huenda ikanywa lita 1.2 pekee, na yuniti ishuke hadi Sh68. Injini kubwa yenye mzigo mdogo hula mafuta kwa ajili ya kujizungusha yenyewe. Isitoshe, Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi na injini haitoi nguvu zote zilizoandikwa ubavuni mwake.

Bado hatujalipia mashine. Ikitumika saa 10 kwa mwezi kwa miaka 10, hizo ni saa 1,200, na kila saa hubeba Sh100 za bei ya kununulia. Ongeza Sh15 za oili. Sasa saa moja ni Sh251, na yuniti imefika Sh209, mara saba ya stima.

Je, aitupe? La. Stima ikipotea kwa saa nne, jenereta itamgharimu takriban Sh1,000. Lita 100 za maziwa yaliyoganda, kwa Sh60 kila lita, ni hasara ya Sh6,000. Waliokumbwa na giza la Agosti 25, 2023, lililofunika karibu nchi nzima, hawahitaji kuelezwa zaidi.

Kwa upande wa sola, tuseme vibao vya kilowati tatu, betri na kigeuza-umeme vimegharimu Sh400,000. Kwa jua la Nakuru, mtu anaweza kutarajia yuniti 12 kwa siku kwa wastani, japo siku za mawingu hupungua sana. Kwa mwaka ni yuniti 4,380. Akilipa taslimu, na kutenga Sh5,000 kila mwaka za matengenezo, gharama katika miaka 10 ni takriban Sh10 kwa yuniti. Hii ndiyo hesabu ambayo wauzaji hupenda kuionyesha.

Lakini wachache wana Sh400,000 mkononi. Kwa mkopo wa riba ya asilimia 16 unaolipwa kwa miaka 10, malipo ya mwaka ni karibu Sh82,800, na yuniti hupanda hadi Sh20. Tena hapo tumechukulia kwamba hakuna yuniti inayopotea. Duka likifungwa Jumapili, au betri ikijaa saa sita mchana mtambo ukiwa umepumzika, vibao hubaki vikiota jua bure. Akitumia asilimia 60 tu ya yuniti hizo, kila moja itamgharimu zaidi ya Sh33, ghali kuliko stima aliyotaka kuikimbia.

Kwa hivyo, kabla ya kutia sahihi mkopo, mwenye duka asome mita yake saa mbili asubuhi na tena saa kumi jioni, kwa wiki nzima, Jumapili ikiwemo. Akikuta mchana hutumia yuniti tano au sita tu, basi vibao vya kilowati tatu ni vingi mno kwake, na aulizie vya kilowati moja na nusu.